Kamisheni badala ya kubusti: hesabu ya duka moja la wigi Lubumbashi

Mama mmoja anayeuza mawigi karibu na soko la commune ya Kenya, hapa Lubumbashi, alinifuata na simu mkononi, uso umekunjamana. Alikuwa amebusti posti zake, yaani amelipia zionyeshwe kwa watu wengi, mwezi mzima kwa dola 100, akitumia kadi ya shemeji yake maana yeye hana kadi ya benki. Meseji zilikuja kweli, simu ililia usiku kucha: bei gani, mko wapi, mnafika Ruashi? Waliolipa walikuwa watano.

Nikamwomba anitajie hesabu ya wigi moja. Analiuza dola 45. Kulinunua na kulifikisha Lubumbashi linamla dola 24, na dereva wa pikipiki anachukua 2 kulipeleka kwa mteja. Zinabaki 19. Sasa gawa ile 100 ya matangazo kwa wateja watano: kila mmoja alimgharimu dola 20. Alikuwa anamlipa mtu dola moja ili amuuzie.

Ndipo tulipoanza kuzungumza juu ya kamisheni. Katika kubusti unalipia macho ya watu, na ukishalipa pesa imekwenda, wanunue wasinunue. Katika kamisheni unamlipa influensa baada ya wigi kuuzwa. Maneno hayo ni rahisi kuyasema. Kazi iko kwenye neno "kuuzwa", na mimi mwenyewe niliteleza hapo hapo.

Kwanza kiasi. Wengi huanza na asilimia ya bei, "nitakupa kumi kwa mia", bila kuangalia kinachobaki mkononi. Anza na ile 19. Tuliamua mteja apunguziwe dola 3 akitaja kodi, yaani neno fupi ambalo kila influensa anapewa lake, influensa apate 6, duka libaki na 10. Zile 3 za mteja usizione kama zawadi tu. Mteja asipopata kitu hana sababu ya kutaja kodi, na kodi isiyotajwa haikuambii mteja katoka wapi. Ndiyo maana pia biashara kama unga wa bukari haifai kabisa kwa mpango huu: faida ya mfuko mmoja ni ndogo mno kugawanywa kwa watu watatu.

Kisha linki. Vitabu vya masoko vinakuambia uweke linki yenye alama za `utm_source` na `utm_campaign`, mteja abonyeze, kuki, yaani faili dogo la kumbukumbu la tovuti, ibaki kwenye simu yake, na akinunua baada ya siku kadhaa tovuti ijue nani alimleta. Muda huo wa kuki ndio watu huusahau kuuliza: Amazon kwa kawaida humpa anayeleta mteja saa 24 tu, na Safari hufuta baada ya siku 7 kuki zilizowekwa kwa JavaScript ikiwa mtu hajarudi kwenye tovuti. Tena ukibonyeza linki ndani ya TikTok, mara nyingi inafunguka katika kivinjari cha TikTok chenyewe. Kesho yake mteja akifungua Chrome kununua, ile kuki haipo huko.

Lakini sisi hapa tunauza wapi? Kwenye WhatsApp, na pesa inatoka mlangoni wigi likifika. Hakuna kikapu cha tovuti cha kufuatilia. Kwa hiyo linki yetu inafanya kazi moja tu: inafungua mazungumzo ikiwa na sentensi iliyokwisha kuandikwa, na kodi imo ndani yake.

```
https://wa.me/243XXXXXXXXX?text=Habari%2C%20nimetoka%20kwa%20NYOTA3.%20Nataka%20wigi.
```

Namba inaanza na 243 bila alama ya kujumlisha na bila sifuri. Kila nafasi kati ya maneno inaandikwa `%20`. Kila influensa ana linki yake na kodi yake. Ikiingia meseji, msichana wa duka anaibandika lebo ya NYOTA3 katika WhatsApp Business papo hapo, kabla hata ya kujibu. Linki hii haihesabu waliobonyeza. Ukitaka idadi hiyo, ipitishe kwenye huduma ya kufupisha linki, ila usimlipe mtu kwa kubonyezwa, kwa sababu vidole ni vingi kuliko pochi.

Mwezi wa kwanza tulimchukua dada mmoja wa TikTok anayejulikana sana Katuba kwa mambo ya nywele. Zikaingia meseji 97 zenye kodi yake. Zikatoka oda 31. Dereva alipozunguka, wanane hawakupokea: mmoja amezima simu, mwingine anasema bwana hayupo, mwingine aliagiza kwa kuona bei tu. Mawigi 23 yalilipwa, na matatu yakarudishwa. Yaliyosimama ni 20.

Mwisho wa mwezi dada akaja kuchukua zake.

"Yaya, oda 31 mara dola sita ni 186," akaniambia. "Si ndivyo tulivyoandika?"

Nikafungua karatasi. Ndivyo nilivyoandika, kwa mkono wangu: "dola 6 kwa kila oda". Mimi kichwani nilimaanisha 20 mara 6, yaani 120. Mama wa duka alitaka kubisha. Nikamwambia hapana, karatasi ni ya dada, tulipe. Tukalipa 186, nikaona aibu ya zile 66 za juu, kwa kuwa wenye oda hizo hakuna hata mmoja aliyeacha pesa dukani.

Hata hivyo, tazama kilichobaki. Mawigi 20 kwa dola 10 ni 200. Toa 16 za safari nane za bure, toa 12 za mawigi matatu yaliyokwenda na kurudi, toa na zile 66 za kosa langu. Mama alibaki na 106, wakati kubusti kulikuwa kumemwachia hasara.

Mkataba wa pili niliuandika taratibu. Kamisheni ni ya wigi lililopokewa, likalipwa lote, na siku 3 zikapita bila kurudishwa. Kurudisha nako kukapata maana yake: wigi linarudi ikiwa lesi ya mbele haijakatwa. Anayejua mawigi anaelewa. Lesi ikishakatwa kufuata paji la uso wa mtu, hakuna mwingine atakayelinunua, kwa hiyo hapo uuzaji umekwisha na kamisheni ya dada imeiva, hata mteja akilalamika rangi.

Malipo yakawa tarehe 1 na tarehe 16, si "mwisho wa mwezi". Influensa anayengoja siku 30 hupoa, posti zinapungua, na wewe unadhani soko ndilo limelala. Kiwango cha chini cha kutoa ni dola 18, yaani mawigi matatu. Chini ya hapo pesa inahamia awamu inayofuata, haipotei. Tunatuma kwa Airtel Money au M-Pesa, kwenye akaunti ya dola. Duka linalipa ada ya kutuma, yeye analipa ya kutoa. Usiache hili bila kuandika, nimeona watu wakinuniana kwa ajili ya ada. Na iandikwe kwamba deni ni la dola: franka ilipopanda kwa kasi mbele ya dola mwaka 2025, wale waliokubaliana "tutalipana kwa franka" bila kutaja kiwango cha siku gani waligombana vibaya.

Mwezi wa pili mawigi 26 yalisimama chini ya kodi ya NYOTA3. Mama alifurahi, mimi nikaingiwa na shaka, kwani idadi ya meseji ilikuwa imeshuka. Nikachukua simu ya duka, nikafungua mazungumzo moja moja na kupanda juu kwa kidole. Tisa kati ya hao walikuwa wateja wa zamani, wengine mazungumzo yao yanaanza mwaka uliopita. Kodi ilikuwa imevuja kwenye grupu la WhatsApp la wateja. Wote hao wangenunua hata hivyo, na kila mmoja alitutoa dola 9, tatu zake na sita za dada: 81 jumla. Dada hakuwa na kosa, wala hakujua. Tulimlipa, halafu tukaongeza mstari: kamisheni ni kwa namba ambayo haijawahi kununua dukani. Wateja wa zamani tukawapa kodi yao nyingine, bila kamisheni ndani.

Upande wa pili wa mizani ni hasara ya influensa, na huo wenye maduka hawapendi kuugusa. Mtu anaona video, anamtumia dada yake picha ya skrini, huyo dada anaandika "bei?" tu. Au anabonyeza linki, anafuta ile sentensi kwa kuona haya, anaandika yake. Hawa wameletwa na NYOTA3 lakini hakuna alama. Tuliweka sheria: msichana wa duka anauliza "umetuona wapi?" kabla ya kutaja bei. Kabla, si baada, kwa sababu mtu akishajua kuna punguzo atasema ameletwa na yeyote yule. Akimtaja dada kwa jina lake au kusema "yule wa TikTok wa Katuba", anahesabiwa.

Na yeye atajuaje kwamba hatufichi mauzo? Tuna jedwali moja la Google Sheets ambalo analiona bila kuweza kulibadilisha: tarehe, tarakimu tatu za mwisho za namba ya mteja, limepokewa au la, siku ya tatu ni lini, dola 6. Nilimwambia pia atume rafiki yake anunue kimya kimya mara moja moja, aangalie kama mstari utatokea. Alifanya hivyo wiki ile ile. Mstari ulitokea, ila kwa kuchelewa siku mbili, na alinipigia simu kuniuliza kwa nini. Msichana alikuwa anaandika kwenye daftari kwanza, akihamisha Jumamosi.

Sasa dada anataka avansi ya dola 50 kila mwezi juu ya kamisheni, kwa kuwa duka jingine limemuahidi hivyo. Nimemjibu mama akubali, lakini avansi hiyo ikatwe kwenye kamisheni: mawigi manane ya kwanza yanaitafuna 48, la tisa linamalizia 2 na kumwachia dada 4, na kuanzia la kumi anapokea 6 kama kawaida. Akiuza matano tu, 20 zilizobaki hazidaiwi mwezi unaofuata, duka limezipoteza. Mama amesema atafikiri mpaka tarehe 16.