Asilimia ya Nini? Namna ya Kusoma Grafu ya Sensa Iliyopigwa Picha

Matokeo ya mwanzo ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 yalitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka ule, na tangu hapo grafu zake zinazunguka kwenye makundi ya simu. Nyingi si machapisho yenyewe. Ni picha: mtu amepiga ukuta wa ukumbi wakati projekta inaonyesha, au amepiga ukurasa wa ripoti, akakata pembeni, akatuma. Sisi tunaofanya kazi ya takwimu tunazipokea zikiwa na maswali, na mara nyingine zikiwa na shutuma. Makala haya yanachukua picha ya aina moja tu, ile ya mikoa mitano yenye watu wengi zaidi, na kuonyesha hatua kwa hatua namna ya kutoa namba ndani yake, kuigeuza asilimia, kisha sehemu.

Tuseme picha yako ina mihimili mitano: Dar es Salaam, Mwanza, Tabora, Morogoro na Dodoma. Haina namba juu ya mihimili, au zipo lakini picha imetumwa mara nyingi hadi 3 na 8 hazitofautiani. Kushoto kuna mstari wima wa kipimo. Unaanzia 2,500,000 na kuishia 5,500,000.

Hapo pa kuanzia ndipo wengi wanapopotea. Mhimili wa Dar es Salaam unaonekana mrefu karibu mara tano ya ule wa Dodoma, na tumeulizwa kwa ukali kwa nini Dar imezidi Dodoma mara tano. Haijazidi mara tano. Aliyechora alianzia 2,500,000 ili tofauti ndogo kati ya Tabora, Morogoro na Dodoma zionekane, na katika kufanya hivyo akakata mguu wa kila mhimili kwa urefu uleule. Grafu ya mihimili inayolinganisha ukubwa inapaswa kuanzia sifuri. Ikilazimika kuanzia juu, mchoraji aweke alama ya mkato kwenye mstari wa kipimo na aeleze chini ya mchoro. Asipofanya hivyo, msomaji asilinganishe urefu wa mihimili hata kidogo. Asome thamani.

Kusoma thamani kunahitaji rula ya kawaida. Fungua picha kwenye simu, ikae kwa ukubwa mmoja, usiivute tena mpaka umalize kupima. Pima umbali kutoka mstari wa 2,500,000 hadi wa 5,500,000. Tuseme umepata milimita 48. Umbali huo unawakilisha watu 3,000,000, kwa hiyo milimita moja ni watu 62,500. Sasa pima mhimili wa Dar es Salaam kutoka chini hadi kichwani: milimita 46. Zidisha kwa 62,500 upate 2,875,000, kisha ongeza 2,500,000 za pale ulipoanzia kipimo. Jibu ni 5,375,000. Mhimili wa Dodoma ukiwa na milimita 9.5, kwa njia hiyohiyo unapata 3,093,750.

Takwimu zilizotangazwa ni 5,383,728 kwa Dar es Salaam na 3,085,625 kwa Dodoma. Rula imekaribia, lakini haikufika. Jicho likikosea nusu milimita tu, umepoteza au kuongeza watu zaidi ya 31,000. Kwa hiyo namba iliyotolewa kwenye picha iandikwe kama milioni 5.4 na milioni 3.1, tena kwa neno "takriban". Kuandika 5,375,000 kana kwamba umeihesabu ni kudai uhakika ambao rula haina. Na ukigawanya sasa, utaona Dar es Salaam ni kama mara moja na robo tatu ya Dodoma.

Picha ikiwa imepigwa kwa upande, kama mtu aliyekaa pembeni mwa ukumbi anavyopiga, mihimili ya upande wa mbali huwa mifupi kuliko ilivyo. Angalia mistari ya ulalo ya kipimo: ikiwa inakaribiana kadiri inavyoenda upande mmoja, usitumie kipimo cha kushoto kwa mihimili yote. Kwa kila mhimili, pima umbali wa ile mistari miwili ya ulalo palepale mhimili uliposimama, ndiyo upate thamani ya milimita ya mahali hapo. Na ikiwa chini ya mihimili kumekatwa, kwamba huoni kipimo kinaanzia wapi wala hakuna mistari ya ulalo yenye namba, hakuna hesabu ya kufanya. Omba picha nyingine.

Sasa asilimia. Kanuni yenyewe kila mtu anaijua: gawanya kwa jumla, zidisha kwa 100. Tatizo ni jumla ipi. Ukijumlisha mikoa mitano iliyomo kwenye picha unapata watu 18,758,008, na Dar es Salaam ukiigawanya kwa hiyo unapata asilimia 28.7. Hesabu ni sahihi. Lakini ujumbe unaosema "asilimia 29 ya Watanzania wanaishi Dar" si sahihi, kwa sababu Watanzania hawakuwa 18,758,008. Walikuwa 61,741,120, Bara na Zanzibar pamoja. Gawanya kwa hiyo, nawe utapata asilimia 8.7. Asilimia 28.7 ni ya watu wa mikoa mitano, 8.7 ni ya watu wa nchi nzima. Zote mbili zinatoka kwenye picha moja, na hakuna hata moja yenye maana ikisimama bila kusema ni asilimia ya nini.

Kosa hili linazidi picha inapogeuzwa chati ya duara. Duara halina ujanja wa kueleza kwamba kuna mikoa mingine nje yake. Likishachorwa, limejaa, na jicho linaamini kwamba hiyo ndiyo nchi. Mikoa mitano ikiwekwa kwenye duara, kipande cha Dar es Salaam kinachukua nyuzi 103 kati ya 360. Kwenye duara la nchi nzima kipande hichohicho ni nyuzi 31 tu. Kabla hujachukua kipimapembe, soma kichwa cha chati na vipande vyote vilivyotajwa. Ikiwa hakuna kipande cha "mikoa mingine", hilo si duara la nchi.

Hapa nieleze jambo linalotuletea malalamiko mengi kuliko uzito wake. Mikoa mitano kwa asilimia za jumla yao wenyewe ni 28.7, 19.7, 18.1, 17.0 na 16.4. Jumlisha: 99.9. Wapo wanaoandika kwamba asilimia 0.1 "imefichwa", na kwa watu milioni 18 wanapiga hesabu kwamba watu zaidi ya 18,000 wamefutwa. Hakuna aliyefutwa. Kila asilimia imekadiriwa peke yake hadi nafasi moja ya desimali: Dodoma, kwa mfano, ni 16.4496, ikabaki 16.4. Utaratibu ni huu: hesabu hufanywa kwa namba kamili za watu, makadirio hufanywa mara moja tu mwishoni, na asilimia iliyokwisha kukadiriwa haitumiki kukokotoa nyingine. Jumla ikitoka 99.9 au 100.1 huachwa hivyo, na chini ya jedwali huandikwa kwamba jumla inaweza isifike 100 kwa sababu ya makadirio. Hatuongezi 0.1 kwenye mkoa wowote ili ipendeze. Tukifanya hivyo ndipo tutakuwa tumebadilisha takwimu.

Kugeuza kuwa sehemu, kwa chati ya duara njia fupi ni nyuzi. Chukua sensa ya 2012: nchi ilikuwa na watu 44,928,923, Dar es Salaam 4,364,541. Kwenye duara la nchi nzima kipande chake ni nyuzi 35. Kiasi ni 35, asili ni 360, yaani 35/360. Gawanya juu na chini kwa 5 upate 7/72, ambayo ni asilimia 9.7. Kwa kuongea na watu, hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi. Ya 2022, asilimia 8.7, ni 87/1000, nayo haipungui zaidi ya hapo. Ukitaka sehemu ya kusemeka, 2/23 iko karibu sana. "Kati ya moja ya kumi na moja na moja ya kumi na mbili" inatosha.

Kuna wanaoweka duara la 2012 na la 2022 bega kwa bega, wakaona kipande cha Dar es Salaam kimepungua, wakatangaza kwamba watu wanahama jiji. Watu wa Dar es Salaam waliongezeka kwa 1,019,187 katika miaka hiyo kumi, ambayo ni asilimia 23.4 ya waliokuwepo 2012. Kilichopungua ni fungu lake, kwa sababu nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37.4, kasi kubwa zaidi. Kutoka 9.7 hadi 8.7 ni kushuka kwa pointi moja ya asilimia, na haituambii idadi ilishuka au ilipanda. Tena kwa kipimapembe, tofauti ya vipande hivyo ni chini ya nyuzi 4, na mkono wa kawaida hukosea nyuzi 1 au 2 kwa kila kipande. Tofauti ndogo namna hiyo isisomwe kwenye picha. Na duara lililochorwa kwa kulazwa, likaonekana kama yai, lisipimwe kabisa: kipande cha mbele hupanuka na cha pembeni hubanwa. Njia rahisi ya kulitambua ni kupima upana na kimo chake, visipolingana, acha.

Kuhusu sheria, tunaulizwa kama kukokotoa asilimia yako na kuituma ni kosa. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yaliweka adhabu ya jinai kwa anayechapisha takwimu zinazopotosha takwimu rasmi, na marekebisho ya 2019 yakaiondoa. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, bado inamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kudanganya umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kukosea hesabu kwa nia njema ni jambo tofauti na hilo, ingawa si kazi yetu kuamua shauri la mtu yeyote. Ukituma asilimia uliyoikokotoa mwenyewe, andika vitu vitatu chini yake: namba uliyogawanya, jumla uliyogawanyia, na kwamba namba ilisomwa kwenye picha au ilichukuliwa kwenye jedwali la ripoti. Majedwali ya idadi ya watu kwa mikoa yamo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na palipo na jedwali hakuna haja ya rula.