Je, Yona alimezwa na nyangumi?

Katika darasa letu la Kiebrania swali hili halikosi kila mwaka: mbona tulifundishwa kwamba Yona alimezwa na nyangumi? Huwa namwomba mwanafunzi afungue Yona 1:17, mstari ambao katika Biblia ya Kiebrania ni 2:1, asome mwenyewe. Anakuta maneno mawili: dag gadol. Dag ni samaki, gadol ni mkubwa. Basi. Hakuna aina, rangi wala urefu.

Kiebrania kilikuwa na maneno mengine ya kutisha zaidi. Mwanzo 1:21 inataja taninimu, wale wakubwa wa baharini, na kwingine yumo Lewiathani. Mwandishi wa Yona hakuyagusa. Hata hivyo, dag haimwondoi nyangumi, kwa sababu Waebrania wa kale hawakuwatenga nyangumi na samaki kama wafanyavyo wanabiolojia wa leo. Andiko halisemi alikuwa nyangumi, wala halikatai.

Nyangumi alipata njia kupitia Kiyunani. Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa lugha hiyo kabla ya Kristo waliandika ketos, neno la kiumbe yeyote mkubwa mno wa baharini. Mathayo 12:40 inatumia neno hilohilo, na Biblia yetu ya Union ikalitafsiri "nyangumi". Ndiyo maana msomaji wa Kiswahili anakuta samaki mkubwa kwa Yona, kisha nyangumi kwa Mathayo.

Lakini kuna jambo ambalo Kiswahili hakiwezi kulionyesha, nami nalipenda kuliko yote. Kiebrania kina jinsia ya kiume na ya kike katika nomino. Samaki huyu anatajwa mara 4. Katika sura ya 2 ya Kiebrania, mstari wa 1 unasema dag mara mbili, umbo la kiume. Mstari wa 2, Yona anapoomba, unasema dagah, umbo la kike! Mstari wa 11, anapotapikwa, tunarudi kwenye dag.

Wafafanuzi wa Kiyahudi hawakulipita hivihivi. Rashi, aliyeishi Ufaransa katika karne ya 11, anaeleza kwamba samaki wa kwanza alikuwa dume mwenye nafasi tele tumboni, hata Yona asione haja ya kuomba. Akamtapika kinywani mwa jike aliyejaa watoto tumboni, na katika msongamano ule Yona akaomba. Mimi siamini kwamba mwandishi alikusudia samaki wawili. Kwa kawaida dagah ni neno la samaki kwa ujumla wao, kama wale waliokufa mtoni Nile katika Kutoka 7:21, na hapa limetumika kwa mmoja kwa namna isiyo ya kawaida.

Kitenzi kinachomtangulia samaki ni wayeman: Mungu "akaagiza". Kitenzi hichohicho kinarudi mara 3 katika sura ya 4: kwa mmea uliompa Yona kivuli, kwa buu aliyeutafuna, na kwa upepo mkali wa mashariki. Samaki yule mkubwa na buu yule mdogo wameitwa kazini kwa neno moja.