Bei ya ngozi isikupoteze: hesabu ya makubadhi katika karakana moja

Tuchukue karakana ya viatu pale Chake Chake. Mafundi wake hushona makubadhi ya aina mbili: ya kila siku, ya ngozi ya ng'ombe na soli ya mpira, na ya harusi, ya ngozi laini yenye bitana na gidamu iliyopambwa kwa shanga. Kwa mwezi hutoka jozi 200 za kila siku, zinazouzwa shilingi 20,000, na jozi 100 za harusi kwa shilingi 30,000. Mwenye karakana anaamini kwamba za harusi ndizo zinazomlisha.

Imani hiyo imetoka kwenye daftari lake. Kila mwisho wa mwezi hujumlisha matumizi yote, shilingi 6,400,000, akagawa kwa jozi 300, akapata kama 21,330 kwa kila jozi. Kwa hesabu hiyo, za kila siku zinamtia hasara, na za harusi zinamwachia zaidi ya 8,600. Karibu aache kushona za kila siku.

Kosa ni kuchanganya vitu viwili visivyofanana. Malighafi hutofautiana kwa mtindo: jozi ya kila siku hula ngozi, soli, gundi na uzi wa shilingi 9,000, ya harusi hula 22,000. Kazi ya mikono, lakini, ni ile ile. Kisu hakijui ngozi ilinunuliwa kwa bei gani. Kwa hiyo malighafi iandikwe kwa kila fungu la mtindo wake, na gharama za kazi zikusanywe kwa kila hatua, kisha zigawiwe jozi zote zilizopita hapo. Gharama hizo ni ujira pamoja na sehemu ya kodi, umeme na uchakavu wa mashine.

Kwa mwezi, ukataji unagharimu 450,000, ushonaji 900,000, na kubandika soli na kumalizia 750,000. Ukigawa kwa jozi 300 unapata 1,500, 3,000 na 2,500, jumla 7,000 kwa jozi, iwe ya sokoni au ya bwana harusi. Shanga zina meza yake na fundi wake: 300,000 kwa mwezi. Hatua hii hupitiwa na jozi 100 tu, basi 3,000 hizo zibebwe na za harusi peke yake.

Sasa tujumlishe. Ya kila siku: 9,000 na 7,000, yaani 16,000. Ya harusi: 22,000, 7,000 na 3,000, yaani 32,000. Kumbe ya kila siku inaacha faida ya 4,000, na ile ya harusi inauzwa kwa hasara ya 2,000. Zidisha kila moja kwa idadi ya jozi zake, utarudi kwenye 6,400,000 ile ile. Isiporudi, kuna gharama uliyoisahau au uliyoiandika mara mbili.

Wapo wanaogawa gharama za kazi kwa kufuata thamani ya malighafi, wakiona ndiyo haki zaidi. Hapa makubadhi ya harusi yangebebeshwa 11,550 badala ya 7,000, kwa sababu tu ngozi yake ni ghali. Ungepandisha bei bila sababu, na mteja akahamia duka la pili.

Panapoteleza wengi ni kwenye viatu visivyokamilika. Tuseme mwezi unaofuata zimekatwa jozi 360, zikashonwa 300. Gharama ya ukataji igawiwe kwa 360, si kwa zilizokamilika: 1,250 kwa jozi. Zile 60 zilizolala kapuni zinaingia mwezi mpya zikiwa na thamani ya malighafi iliyokwisha kutumika pamoja na hiyo 1,250, bila ya ushonaji. Ukigawa kwa 300, zinaonekana kama zimekatwa bure, na mwezi ujao utajidanganya kuwa umepata faida.

Njia hii ina mpaka wake: hufaa pale tu kazi inapofanana kweli. Usiamini macho, pima. Mpe fundi mmoja jozi 10 za kila mtindo, kwenye meza moja, utazame saa. Dakika zikikaribiana, wastani unafaa. Ikiwa ngozi laini inateleza chini ya sindano na kula muda mara moja na nusu, gawa gharama za ushonaji kwa dakika badala ya jozi. Hatua nyengine ziache kama zilivyo. Ndara za watoto huwashangaza wazee kwenye kipimo hiki: zinakula ngozi kidogo, lakini dakika za fundi ni karibu zile zile za mtu mzima, ndiyo maana muuzaji hawezi kukubali nusu bei.