Skrubu za gramu 60 ndani ya chungu cha alumini

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu hapa Moshi. Jumamosi iliyopita alinikuta karakanani, akanisalimu shikamoo mjomba, kisha akanipa karatasi aliyoikunja mara nne. Ilikuwa hotuba fupi ya kusoma mbele ya darasa lake la kemia, na mstari wa kwanza ulisema hivi: "Alumini hurejelezwa milele bila kupoteza ubora, na kwa kufanya hivyo tunaokoa asilimia 95 ya nishati."

Nimeyeyusha na kusubu alumini kwa miaka mingi. Nilimwambia kwamba hiyo asilimia 95 aiache ilivyo, ila maneno ya "bila kupoteza ubora" darasa lisiyameze hivihivi. Tukakaa juu ya makreti mawili tukaianza hotuba upya. Naandika hapa tulichozungumza, kwa sababu mstari ule nauona mahali pengi.

Tulianza na nishati, maana ndiko jibu la ubora lilikojificha. Ardhini alumini haikai peke yake. Ndani ya boksiti, mawe inamotolewa, imeshikana na oksijeni, na haiachii kirahisi. Mwaka 1886 vijana wawili wasiofahamiana, Charles Hall kule Marekani na Paul Héroult kule Ufaransa, waligundua namna moja ya kutenganisha alumini na oksijeni: unaiyeyusha alumina, yaani alumini ikiwa bado imeshikana na oksijeni, ndani ya chumvi ya moto iitwayo krayolaiti, kwenye joto la nyuzi 960 hivi, kisha unapitisha umeme mwingi. Viwanda vinafanya hivyo mpaka leo. Kilo moja ya alumini mpya hula takriban uniti 14 za umeme, uniti zilezile tunazonunua kwenye LUKU.

Chakavu haidai kazi hiyo. Oksijeni ilishaondolewa zamani, kilichobaki ni kuipasha moto hadi nyuzi 660 iyeyuke. Kwa hesabu ya fizikia tupu kilo moja inataka karibu theluthi moja ya uniti. Ukijumlisha joto linalopotea tanurini na kazi ya kuandaa chakavu, tanuri zuri hufika kwenye uniti 0.7 hivi, ambayo ni asilimia 5 ya zile 14. Kwa darasa tuliiweka hivi: taa ya wati 10 ikiwaka saa tano kila usiku, nishati ya kilo moja ya alumini mpya inaiwasha usiku 280, nishati ya kuyeyusha kilo moja ya chakavu inaiwasha usiku 14. (Tanuri la mkaa la uani halifikii kiwango hicho, kwa sababu joto jingi linakwenda angani. Hilo nilimwomba aliseme wazi.)

Hapo ndipo nilipomuuliza: kama alumini inaipenda oksijeni kiasi hicho, utausafishaje uchafu ulioingia ndani yake?

Wanaotengeneza chuma cha pua hupuliza oksijeni ndani ya chuma kilichoyeyuka. Kaboni, silikoni na vingine visivyotakiwa vinaungua kwanza, vinatoka kama gesi au vinaelea juu na kuondolewa. Ukijaribu hivyo kwenye alumini iliyoingiwa na chuma, itakayoungua ni alumini yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayoikimbilia oksijeni kuliko chuma. Magnesi inaweza kutolewa, maana yenyewe ina pupa zaidi ya alumini. Chuma, shaba na silikoni vinabaki. Kwa hiyo tabia ileile inayofanya alumini mpya ile umeme mwingi ndiyo inayofanya alumini chafu isisafishike.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, nipe hesabu." Tukachukua fremu za madirisha zilizokuwa pale pembeni, kilo 20. Aloi, yaani mchanganyiko wa alumini na vitu vingine kidogo, ya fremu za namna hii kwa kawaida ni ile iitwayo 6063, na kiwango chake kinaruhusu chuma kisichozidi asilimia 0.35. Tuseme zetu zina asilimia 0.2, yaani gramu 40 za chuma. Fundi mwenye haraka anazitupa chunguni na skrubu zake. Skrubu haiyeyuki kwa joto lile, chuma kinataka zaidi ya nyuzi 1,500, ndiyo maana wengi hudhani wataiopoa baadaye ikiwa nzima. Lakini alumini ya moto inaimumunya kama chai inavyomumunya sukari guru, polepole. Tuseme gramu 60 zimeyeyukia humo. Sasa kuna gramu 100 za chuma ndani ya kilo 20: asilimia 0.5.

Hakuna dawa ya kuzitoa gramu hizo 60 kwa gharama inayolipa. Njia ya kawaida ni kuzimua, kama unavyozimua mchuzi uliozidi chumvi. Ukiongeza alumini mpya yenye chuma asilimia 0.1, unahitaji kilo 12 ili mchanganyiko urudi kwenye 0.35. Kilo 12 zenyewe zimekula uniti 168 za umeme. Kuyeyusha zile kilo 20 badala ya kutengeneza mpya kulituokolea uniti 266 hivi. Hizo kilo 12 hazikupotea, zimekuwa bidhaa nazo, lakini zile 20 hazikuweza kusimama zenyewe tena.

Usipozimua, chuma kinakwenda wapi? Alumini ikiganda haiwezi kubeba ndani yake zaidi ya asilimia 0.05 ya chuma. Kinachobaki kinaungana na alumini na silikoni kuwa vibamba vyembamba vigumu, ambavyo ukikata na kung'arisha kipande, kwenye hadubini vinaonekana kama sindano. Ufa huanzia hapo. Manganizi kidogo huvigeuza vikawa na umbo lisilochoma sana, ingawa chuma chenyewe kinabaki palepale.

Ndiyo maana fremu ya dirisha inaweza kuwa sufuria, lakini sufuria haiwi fremu. Chungu cha sufuria kinapokea pistoni zenye silikoni asilimia 12 hivi, kava za gia zenye shaba, makopo na fremu, vyote pamoja. Sufuria ya kusubu inavumilia mchanganyiko huo, fremu haivumilii. Kila mchanganyiko ni ngazi moja chini. (Lisilovumilika hata kwenye sufuria ni risasi, kwa kuwa chakula kinapikwa humo. Chochote kilichotoka kwenye betri kisikaribie chungu kile.)

Kwa hiyo ubora huokolewa kabla ya moto. Sumaku hupita kwanza, maana inavuta skrubu za chuma na haivuti alumini. Skrubu za stenlesi mara nyingi hazivutwi na sumaku. Hizo zinatafutwa kwa jicho na bisibisi. Koroga kwa fimbo ya chuma iliyopakwa chokaa au udongo maalumu, la sivyo fimbo yenyewe inaliwa.

Mstari wa kwanza wa hotuba sasa unasema: "Alumini inaweza kuyeyushwa mara nyingi sana kwa nishati ndogo, ikiwa kila aloi itarudi kwa wenzake."

Nilimpa na vielelezo. Vipande viwili vya unene wa kidole, vyote kutoka rimu moja ya gari, vimesubiwa kwenye mchanga. Cha pili niliyeyusha na bolti zikiwa ndani kwa saa nzima. Nilivibana kwenye jiliwa nikavipiga nyundo. Cha kwanza kilipinda kidogo ndipo kikakatika, na sura ya mkato ni ya kijivu iliyofifia. Cha pili kilikatika kwa pigo moja bila kupinda, na mkatoni kuna vibapa vinavyometa ukivigeuza kwenye jua. Aliviviringisha kwenye gazeti, kila kimoja na karatasi yake ya jina, akapanda bodaboda.