SMR haiogopi kuandika, inaogopa kurudia

Kauli mbili kuhusu diski za SMR, zile zinazoandika data kwa mistari inayopandana, zimeenea mno kwenye maduka ya kompyuta na kwenye magrupu ya mafundi. Ya kwanza, kuhusu DVR, yaani mashine ya kurekodi picha za kamera za ulinzi: "Usiweke SMR kwenye DVR, haiwezi kuandika mfululizo." Ya pili: "Tafuta PMR, achana na SMR." Ya kwanza ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapotosha watu. Ya pili haina maana yoyote, ila mteja anaitikia kwa kichwa na kulipa.

Maana kwa ufupi. Diski ngumu huandika kwenye mistari ya duara juu ya sahani inayozunguka. Katika CMR, yaani uandishi wa kawaida, kila mstari una nafasi yake na kuna upenyo mdogo kati yake na jirani, kwa hiyo unaweza kufuta na kuandika upya mstari mmoja bila kumgusa mwingine. Katika SMR mistari hupandana kama makuti ya paa: wa pili unafunika sehemu ya wa kwanza, wa tatu unafunika sehemu ya wa pili. Sababu ni kwamba kichwa cha kuandika ni kipana kuliko kichwa cha kusoma. Cha kusoma kinatosheka na ukingo mwembamba uliobaki wazi, basi kwa nini tupoteze nafasi? Seagate walipoanza kuziuza mwaka 2013 walisema mbinu hii inaongeza ujazo hadi asilimia 25 kwenye sahani ileile. Gharama yake unaiona ukitaka kubadilisha kuti la chini, maana lazima uinue yote yaliyolala juu yake. Ndiyo maana mistari hupangwa katika makundi, tuyaite kanda, na mwisho wa kila ukanda kuna pengo ili uharibifu usivuke kwenda ukanda wa pili.

Sasa hiyo PMR. Herufi hizo zinazungumzia upande ambao sumaku ndogondogo za kwenye sahani zinaelekea: zinasimama wima badala ya kulala chali. Diski za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 2005, na baada ya miaka michache zile za kulala zikatoweka sokoni. SMR inazungumzia jambo jingine kabisa, yaani jinsi mistari inavyopangwa. Diski za SMR zinazouzwa madukani nazo zinaandika wima. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba diski yake ni PMR hajasema uongo, ila hajakujibu. Zote ni PMR. Neno unalolitafuta ni CMR, na lilianza kusikika sana pale watu walipohitaji jina la kile ambacho si SMR.

Turudi kwenye "kuandika mfululizo", maana hapo ndipo penye vurugu. Watu wanachanganya mambo mawili: kuandika bila kupumzika, na kuandika kwa kufuatana, kipande baada ya kipande, kila kimoja jirani na kilichotangulia. La kwanza linahusu muda, la pili linahusu mahali. SMR inafanya la pili vizuri sana. Ukiandika ukanda wote kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, hakuna cha kuinua, na kasi inakaribiana na ya CMR. Kinachoiua ni kubadilisha vipande vidogo vilivyotawanyika huku ikinyimwa muda wa kupanga nyumba.

Diski nyingi za SMR za madukani hujificha. Ukiichomeka, kompyuta inaiona kama diski yoyote. Ndani yake, programu ya diski imetenga eneo la kupokelea, mara nyingi makumi ya gigabaiti. Vipande vinavyokuja ovyo humwagwa humo kwanza, kisha diski ikipata nafasi inachukua ukanda mmoja mmoja, inausoma wote, inaingiza vipande vipya, inauandika wote upya. Ndiyo maana umemaliza kunakili mafaili, taa ya kompyuta imetulia, lakini ukiweka sikio kwenye diski unasikia vichwa bado vinatafuna.

Tufanye hesabu kwa kamera, maana ndizo zinazotajwa kila siku. Duka lina kamera nane, kila moja inatoa megabiti 4 kwa sekunde. Jumla ni megabiti 32, sawa na megabaiti 4 kwa sekunde. Kwa siku ni gigabaiti 345 hivi, na diski ya terabaiti 4 itajaa baada ya siku kama 11 na nusu, kisha itaanza kufuta ya zamani. Diski inayoweza megabaiti 150 kwa sekunde ikipewa 4, huo si mzigo. Na DVR nyingi zinatenga mafaili makubwa mapema, kila kamera inajaza la kwake kwa kufuatana. Tuseme eneo la kupokelea ni gigabaiti 25 na ukanda ni megabaiti 30. Kabla eneo halijajaa kila kamera imeshaleta gigabaiti 3, yaani kanda nzimanzima zipatazo mia. Kuzihamisha hakuna uchungu mkubwa, kwa sababu karibu kila ukanda unaandikwa wote, na muda upo tele katikati. Kwa hiyo DVR ya kamera nane, ambayo ndiyo mfano pendwa wa mafundi, inaweza kuishi na SMR bila mwenye duka kujua. Siisifii, na kwa kamera bado ningenunua CMR, kwa kuwa sipendi kutegemea tabia ya programu ya DVR ambayo sijaiona ndani. Lakini sababu iwe hiyo, isiwe eti diski inachoka.

Chukua sasa seva yenye mashine pepe kadhaa zinazotumia eneo la gigabaiti 500. Kila sekunde zinabadilisha vipande 100 vya kilobaiti 64, huku na huku. Hiyo ni megabaiti 6.4 kwa sekunde, si mbali na zile kamera. Eneo la kupokelea la gigabaiti 25 litajaa baada ya saa moja na dakika tano hivi. Gigabaiti 500 zimegawanyika katika kanda karibu 16,700, kwa hiyo kila ukanda una mabadiliko ya megabaiti 1.5 tu. Ili kuyaingiza, diski lazima isome megabaiti 30 na kuandika 30. Kwa kasi ya 150, hiyo ni sekunde 0.4 kwa ukanda, na kwa kanda zote ni karibu saa moja na dakika 50, tena bila kuhesabu muda wa vichwa kuhama wala maombi mapya yanayoendelea kugonga mlango. Linalojaa kwa saa moja linahitaji karibu saa mbili kutolewa. Deni hilo halilipiki. Eneo likishajaa, kila ombi jipya linasubiri ukanda usafishwe, na ombi lililokuwa likijibiwa kwa milisekunde kumi sasa linasubiri sekunde nzima au zaidi. CMR ikipewa kazi hiyohiyo itatoa jasho, lakini inaandika kila kipande mahali pake na kusahau.

Ubaya wa pili uko kwenye RAID, yaani diski kadhaa zilizounganishwa kuwa kundi moja. Diski moja ikifa na nyingine kuwekwa, mfumo unaijaza mpya kwa nguvu zote, saa baada ya saa, bila pumziko. Kadi ya RAID ikisubiri jibu sekunde kadhaa bila kulipata, inaihesabu diski kuwa mbovu na kuitoa kwenye kundi. Hapo ndipo ugomvi wa mwaka 2020 ulipozuka. Ilibainika kwamba Western Digital walikuwa wakiuza diski za WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zenye herufi EFAX, kwa ajili ya NAS, yaani hifadhi ya mafaili ya kwenye mtandao, zikiwa za SMR na karatasi ya maelezo haisemi. Tovuti ya ServeTheHome ilipozijaribu kwenye ZFS, mfumo wa mafaili unaounganisha diski kwa namna ya RAID, kujenga upya kundi kwa diski ya terabaiti 4 ya EFAX kulichukua takriban siku tisa na nusu, wakati za CMR zilimaliza chini ya siku moja. Baadaye kampuni ikatenganisha majina: za CMR zikaitwa Red Plus, na Red tupu ikabaki SMR. Seagate na Toshiba nao walikuwa na SMR zisizotajwa kwenye diski za kawaida za mezani, na ikabidi wachapishe orodha.

Mwaka 2018, kwa upande mwingine, Dropbox walianza kuweka SMR kwenye hifadhi yao wenyewe, na wao hupokea mafaili usiku na mchana. Tofauti ni kwamba diski zao hazijifichi. Seva inaziona kanda, inakusanya data kwanza kwenye SSD, kisha inajaza ukanda kwa kufuatana hadi mwisho. Huko ni kuandika bila kupumzika kama kulivyo kokote, na diski haina tatizo, kwa sababu hakuna anayerudi kubadilisha kuti la chini.

Kuitambua inayojificha ndiyo kazi. Kwenye Linux jaribu hivi:

```
sudo smartctl -i /dev/sdb
cat /sys/block/sdb/queue/zoned
```

Ukiona kwenye amri ya kwanza kwamba diski inazunguka, mfano `5400 rpm`, na papo hapo kuna `TRIM Command: Available`, karibu hakika ni SMR, maana CMR haina haja na TRIM, amri ya kuiambia diski vipande gani havitumiki tena. Usipoiona, bado hujathibitisha kitu, kwa kuwa zipo SMR zisizoonyesha. Amri ya pili huwadanganya wengi: ikijibu `none` wanashangilia, kumbe inayojificha nayo hujibu `none`. Wala kipimo cha dakika mbili hakisaidii, kwa kuwa dakika mbili zote zinaishia kwenye eneo la kupokelea.

Kinachobaki ni namba ya modeli iliyo kwenye stika, uilinganishe na orodha ya mtengenezaji, herufi kwa herufi. `WD40EFRX` ni CMR na `WD40EFAX` ni SMR, na boksi zake zinafanana. Kwa hiyo fundi akikwambia "hii ni PMR, haina shida", usibishane naye dukani. Mwambie asante, na umwombe akusomee stika.