Eneo lisilo na mwisho upande wa kulia, lakini ni 1 tu

Jumamosi mimi hufundisha tuisheni ya hesabu Ngara, wanafunzi wachache wa mwaka wa kwanza wa uhandisi kuzunguka meza moja. Swali linalotuchukulia muda kuliko yote ni hili: eneo lililo chini ya mkunjo wa e^(-x), kuanzia 0 kwenda kulia pasipo mwisho, ni ngapi?

Dhana: Umbo lisilo na mwisho lazima liwe na eneo lisilo na mwisho.

Ukweli ni kwamba urefu peke yake hauamui kitu. Pima eneo hadi mahali fulani, tupaite b, kisha usogeze b:

```
∫₀ᵇ e^(-x) dx = 1 - e^(-b)
```

Kadiri b inavyokua, e^(-b) inakaribia 0, na eneo linakaribia 1. Kikomo hicho ndicho integrali yenyewe. Ndiyo maana ninakataa mwanafunzi aandike e^(-∞) kana kwamba ∞ ni namba ya kuingiza kwenye fomula. Jibu litatoka sawa leo, halafu kesho atakutana na ∞ kutoa ∞ na kuandika 0.

Sababu ya eneo kubaki dogo inaonekana ukikata vipande vyenye upana wa 1. Kuanzia 0 hadi 1 eneo ni 0.632. Kuanzia 1 hadi 2 ni 0.233, na 2 hadi 3 ni 0.086. Kila kipande ni 0.368 ya kile kilichotangulia, yaani kimegawanywa kwa e. Ni kama mtu aliye na chapati moja, na kila anapomega anachukua asilimia 63.2 ya ile iliyobaki. Amege mpaka usiku wa manane, hatakula zaidi ya chapati moja. Mkia unaobaki baada ya b una eneo e^(-b) kamili: baada ya 5 ni 0.0067, na baada ya 10 ni kama 0.000045.

Dhana: Mkunjo wowote unaoshuka kuelekea 0 una eneo lenye mwisho.

Hii ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu inafanana sana na ukweli. Chukua 1/x kuanzia 1. Nao unashuka kuelekea 0. Lakini eneo la kutoka 1 hadi 2 ni 0.693, la kutoka 2 hadi 4 ni 0.693, na la kutoka 4 hadi 8 ni 0.693 tena. Kimo kinapungua nusu, upana unaongezeka mara mbili, na eneo halipungui hata chembe. Jumlisha 0.693 mara nyingi upendavyo na utavuka namba yoyote utakayotajiwa. Kwa hiyo kushuka hakutoshi. Swali ni kasi ya kushuka. e^(-x) hupoteza sehemu ileile ya kimo chake kwa kila hatua ya urefu uleule, ilhali 1/x, kadiri inavyokwenda mbali, inapoteza sehemu ndogo zaidi na zaidi.

Dhana: Aljebra ya ujanja inatosha, kikomo hakihitajiki.

Kijana mmoja mwerevu aliniletea hii. Mkia unaoanzia 1 ni mkunjo uleule mzima, umepunguzwa tu kimo mara e. Basi tukiita eneo lote A:

```
A = (1 - e^(-1)) + e^(-1)·A
```

Inatoka A = 1. Nilimpongeza, kisha nikamwambia ajaribu ujanja huohuo kwa e^x, unaopanda. Akapata A = (e - 1) + e·A, yaani A = -1. Eneo hasi, chini ya mkunjo ulio juu ya mstari kote! Alikaa kimya akilitazama karatasi. Ujanja huo hauna kosa ukishajua kwamba A ni namba halisi, na hilo ndilo kikomo kinakuthibitishia kwanza. Kwa e^x haipo namba ya kuiita A.

Dhana: Mkunjo hatimaye hugusa 0, ndipo eneo linakoma.

Haugusi kamwe. Wanaodhani hivyo huwa wamedanganywa na kikokotoo: andika 1 - e^(-25) na kioo chenye tarakimu kumi kitaonyesha 1. Thamani yenyewe ni 0.999999999986, ila imefupishwa kwa kukosa nafasi. Ukitaka kuona kilichobaki, usitoe kutoka 1. Andika e^(-25) peke yake, na kikokotoo kilekile kitakuonyesha takriban 1.39 × 10⁻¹¹.