Fimbo ya gofu ina namba, basi ni orijino?

Kwenye mitumba ya Dodoma, Sabasaba kwa mfano, fimbo ya gofu ikijitokeza muuzaji hukimbilia kukuonyesha namba ya utambulisho. "Ona, bosi, namba hii hapa." Namba kweli ipo, imechorwa shingoni, pale shafti, yaani mpini mrefu wa fimbo, inapoingia kwenye kichwa. Lakini anayeweza kuiga kichwa kizima hashindwi kuchora tarakimu.

Wapo wanaoamini kinyume chake, kwamba namba ikijirudia ni feki. Si lazima. Vyuma, yaani fimbo zenye kichwa cha chuma, vya kampuni ya Ping vya seti moja hubeba namba ileile vyote, na baadhi ya kampuni huiweka kwenye chuma kimoja tu cha seti. Cha kutilia shaka ni drayva mbili, yaani fimbo za mapigo marefu, kutoka kwa wauzaji wawili, zenye namba moja.

Dhana nyingine: lebo ya shafti haidanganyi. Chukua drayva yenye lebo inayosema shafti ni ya kaboni. Pitisha kucha kwenye ukingo wa lebo. Ukingo ukikwaruza, ujue ni stika iliyobandikwa juu. Hilo peke yake halimtii mtu hatiani, maana hata kampuni hutumia stika kwenye baadhi ya shafti. Sasa leta sumaku, hata ya spika mbovu. Kaboni haivuti sumaku. Iking'ang'ania katikati ya shafti, umeshika bomba la chuma lililopakwa rangi, lebo iseme itakavyo.

Kichwa kilichoandikwa titani nacho hakipaswi kunasa, ila kaa mbali na skrubu na vizito, maana hivyo vinaweza kuwa vya chuma hata kwenye fimbo halali. Na sumaku isiponasa usishangilie: alumini pia haivuti. Kipimo hiki kinamkamata mwongo, hakimpi mkweli cheti.

Rangi iliyotoka kwenye herufi huwatisha wanunuzi bure. Wenye fimbo huifuta kwa asetoni na kujaza upya, wengine kwa rangi ya kucha. Mimi siangalii rangi, naangalia mfereji ulio chini yake: kwenye fimbo nzuri kina ni kimoja toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na kingo ni kali. Mfereji wenye kina kifupi huku, kirefu kule, rangi imemwagika nje kufunika kasoro: hapo rudisha. Gripi mpya inayong'aa, pale pa kushikia, haithibitishi lolote, kwani hubadilishwa kama tairi.

Raketi ya tenisi nayo, namba iliyo chini ya mpini kwa kawaida ni saizi ya kushikia tu. Kwa bati la kriketi stika ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote, maana huuzwa peke yake na kubandikwa na yeyote. Tazama mti: mwerebi wa Kashmir kwa kawaida ni mzito na mwekundu zaidi kuliko ule wa Uingereza, na stika ya bei kubwa haiwezi kuupunguza uzito.